Nilisema "kuna changamoto kidogo", bosi akasikia "kila kitu kiko sawa"

Shangazi shikamoo,

Mimi ni binti wa miaka 29, kwetu Tanga ila nafanya kazi Dar kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Bosi wangu ni Mholanzi anakaa Rotterdam, tunaonana kwenye kompyuta tu, kuna dada Mmarekani yuko ofisi ya Nairobi ndo anapitia ripoti zangu, na anayetutumia mzigo yuko Mumbai. Tunaongea Kiingereza wote.

Mwezi uliopita tulikuwa na kontena 6 za pampu za umwagiliaji. Jumanne kwenye miting bosi akaniuliza mbele ya watu tisa, zitatoka Ijumaa? Cheti cha ukaguzi wa ubora kilikuwa hakijafika kutoka India na mimi nilishaona Ijumaa haiwezekani, nikamjibu tutajitahidi ingawa kuna changamoto kidogo kwenye nyaraka. Akasema vizuri, akaenda kwenye ajenda nyingine. Kontena zikachelewa siku 8 baada ya siku za kukaa bandarini bure kuisha, tozo ni dola 40 kwa kila kontena kwa siku, piga hesabu ni dola 1,920. Nikamwandikia imeili nikianza na sori sana kwa huu ucheleweshaji. Akanijibu kwa kopi ya watu wote, ati asante kwa kukiri kosa, sasa eleza kwa nini Jumanne ulisema zitatoka. Shangazi sikusema zitatoka! Nililia chooni.

Yule Mmarekani naye nilimuona mtu mzuri, ripoti yangu aliandika kazi nzuri sana nimeipenda, labda ungefikiria kuitazama tena sehemu ya gharama. Nikafurahi, nikaituma kwa mteja vilevile. Juzi nasikia kamwambia bosi kuwa mimi sishauriki.

Na yule wa Mumbai kila siku nikimpigia anasema hakuna shida, kesho.

Nimelelewa kwamba mtu mzima humwambii hapana usoni. Niache kazi au nijifunze kuwa na mdomo mchafu kama wao?

Binti wa Tanga

Shangazi anajibu:

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hii pole naitoa kwa maana yetu sisi, na hilo tutalirudia huko mbele maana ndo limekuponza kwenye ile imeili.

Kwanza nikuondoe wasiwasi, hukudanganya siku ile. Mtu yeyote aliyekulia Tanga, Unguja, Kilwa, hata huku Kariakoo, angekusikia vizuri kabisa. Hebu tulitazame lile jibu lako neno kwa neno. "Tutajitahidi" kwetu maana yake usinitegemee sana. "Kuna changamoto" hilo ndo zito zaidi, maana siku hizi neno changamoto maofisini linabeba kila kitu, bajeti ikikatwa ni changamoto, gari likipinduka na mzigo ni changamoto, mtu akisimamishwa kazi anapitia changamoto. Na ule "kidogo" uliouweka hapo haupunguzi ukubwa wa tatizo, unapunguza ukali wa kulitaja. Ukijumlisha umemwambia mtu kistaarabu kwamba Ijumaa sahau. Sasa yeye alikuuliza swali la ndiyo au hapana, akachukua maneno kama yalivyo, wanajitahidi, kuna kitu kidogo, basi ni ndiyo. Kwake yeye kama jibu lingekuwa hapana ungesema hapana, na kwako wewe kama jibu lingekuwa ndiyo ungesema ndiyo bila kuzunguka. Wote wawili mlikuwa wakweli, mkapoteana.

Jambo hili lina jina na limechunguzwa muda mrefu. Kuna Mmarekani mmoja alikuwa mwanaanthropolojia, Edward Hall, ujanani miaka ya 1930 alifanya kazi na Wanavaho na Wahopi, makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, kule Arizona, baada ya vita akawa anawafundisha wanadiplomasia wa nchi yake kabla hawajaenda nje. Mwaka 1976 akaandika kwamba kuna jamii ambazo sehemu kubwa ya maana inakaa nje ya maneno, iko kwenye nani anasema, anamwambia nani, mbele ya nani, amenyamaza wapi, akaziita za muktadha mkubwa. Na kuna jamii ambazo maana yote lazima iwekwe ndani ya maneno yenyewe, asiyesema hajasema, hizo za muktadha mdogo. Sisi tulikuwa nalo zamani bila kusomea. Akufukuzaye hakwambii toka. Mwenye macho haambiwi tazama. Mwanamke wa pwani anavaa kanga yenye maneno fulani anapita mlangoni kwa jirani, hajafungua mdomo na jirani kashajibiwa. Mholanzi ukimpitia na kanga ataona kitambaa kizuri.

Ila tahadhari moja hapa, usije ukachukua haya ukawa unawapima watu kwa pasipoti zao. Hall alikuwa analinganisha, huyu ukimweka karibu na yule. Hata huyo bosi wako akiwa na mkewe waliyeishi pamoja miaka 20 wanaelewana kwa kutazamana tu, na hata wewe ukimwelekeza bodaboda unamwambia kulia, kushoto, geti jeusi, humwachii akisie. Muktadha unakuwepo pale watu walipoishi pamoja. Ninyi na yeye hamjaishi pamoja, mnaonana saa moja kwa wiki kwenye kioo.

Na hapo kwenye kioo ndo kuna kitu watu wengi hawakioni. Ule ustaarabu wetu wa kutosema hapana una nusu yake ya pili. Angekuwa bosi ni Mtanzania, angesikia "changamoto kidogo" akanyamaza mbele za watu, miting ikiisha angekuita pembeni, mwanangu hebu niambie, hasa hasa ikoje? Na wewe pembeni pale ungemwambia yote, cheti hakipo, mtu wa Mumbai haeleweki, Ijumaa haiwezekani. Yaani hapana yetu inasemwa, ila inasemwa kwenye korido. Mbele ya watu inatangulia dalili, faraghani unafuata ukweli. Sasa miting ya kompyuta haina korido, mtu akibonyeza kuondoka amekwenda, na bosi wako hajui kwamba kulikuwa na sehemu ya pili ya mazungumzo, na wewe ukakaa unamsubiri akuite. Ijumaa ikafika hajaita. Kwa hiyo kosa lako, kama ni kosa, mimi siliweki Jumanne saa ya miting, naliweka Jumanne baada ya miting. Pale ndo ungechukua simu ukaifungua korido mwenyewe.

Nimefanya kazi na wageni miaka mingi kabla sijakaa hapa kuandika na hilo lilinichukua muda kulijua. Kuna meneja wetu mmoja Mjerumani nilimuuliza siku moja mbona ulipoona nimenyamaza hukuniuliza, akaniambia kwa dhati kabisa, nilidhani ukinyamaza umekubali, kukuuliza tena ingekuwa kama sikuamini. Yaani yeye alikuwa ananiheshimu kwa kutoniuliza wakati mimi nikisubiri aniheshimu kwa kuniuliza.

Nikueleze kisa kimoja ili uone kwa nini jambo hili silichukulii kama la tabia tu. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca namba 52 ilitoka Kolombia kwenda New York. Hali ya hewa mbaya, ikawekwa angani izunguke kusubiri zamu, jumla kama saa moja na robo, mafuta yakawa yanakwisha. Ikajaribu kutua mara ya kwanza ikashindwa, ikabidi ipande tena. Rubani mkuu akamwambia msaidizi wake kwa Kihispania, waambie tuna dharura. Msaidizi akawajibu waongozaji wa ndege walioko ardhini kwa Kiingereza, akakubali maelekezo aliyopewa, kisha akaongeza kwamba mafuta yanatuishia. Neno dharura halikutamkwa. Kwa waongozaji wa New York usiku ule kila ndege inayofika mwisho wa safari mafuta yake yamepungua, kwa hiyo sentensi ile haikuwasha taa yoyote, kuna maneno maalumu ambayo wakiyasikia ndo wanasafisha njia. Ndege ilianguka Cove Neck, karibu na New York, watu 73 kati ya 158 wakafa. Uchunguzi ulitaja mambo mengi, marubani wenyewe kutosimamia mafuta yao vizuri, foleni ya ndege kutopangwa sawasawa, lakini hilo la kutotamka dharura liliandikwa. Mimi kila nikikumbuka kile kisa namuona yule msaidizi ameongea kabisa, kasema kweli, kasema kwa adabu, na yule wa upande wa pili naye kasikiliza kabisa. "Mafuta yanatuishia" na "kuna changamoto kidogo kwenye nyaraka" ni sentensi za ukoo mmoja.

Turudi kwenye imeili yako. Wewe uliandika sori ukiwa na pole moyoni. Sisi mtu akijikwaa tunasema pole, akifiwa pole, akitoka kazini pole na kazi, na tukihamia Kiingereza pole yote inageuka sori. Lakini sori ya Kiingereza kwenye imeili ya kazi, hasa kukiwa na pesa imepotea, inasomeka kama samahani, nimekosa mimi. Ndo maana akakujibu asante kwa kukiri kosa, hakuwa anakusuta mwanangu, alikuwa anakushukuru kweli, kwao mtu anayekiri anapewa heshima. Kuanzia leo zitenganishe. Kama unampa pole, mwambie najua ucheleweshaji huu umekusumbua na mteja. Kama unaomba radhi, taja kitu gani hasa unachokiombea radhi, kwa mfano naomba radhi kwamba Jumanne sikukwambia wazi kuwa Ijumaa haiwezekani. Hilo ni lako. Cheti kuchelewa Mumbai si lako, usilibebe.

Sasa huyu dada wa Nairobi. Wewe umewaweka yeye na Mholanzi kwenye kapu moja la "wao", ndo maana kakuchanganya zaidi, na haya hata watu waliosoma yanawachanganya. Kusema mambo wazi na kukosoa wazi ni vitu viwili tofauti. Kuna mwalimu wa chuo cha biashara cha INSEAD kule Ufaransa, Erin Meyer, mwaka 2014 alivitenganisha akaweka mizani mbili. Kwenye mizani ya kwanza, ya kutoa maelekezo na taarifa, Mmarekani ndo yuko wazi kuliko karibu wote, atarudia, ataandika, atatuma muhtasari. Kwenye mizani ya pili, ya kumwambia mtu kazi yako ina kasoro, Mmarekani anafungafunga, anaanza na sifa, anaweka kasoro katikati, anamalizia na sifa. Mholanzi hapo ndo hafungi kabisa, akiona jedwali limekosewa anasema jedwali limekosewa, na ataongeza "kabisa" pale Mmarekani angeweka "kidogo". Kwa hiyo bosi wako angeandika "sehemu ya gharama si sahihi, rekebisha", na dada yule akaandika "labda ungefikiria kuitazama tena", na maana ni ileile. Inasikitisha maana wewe kwa malezi yako ulikuwa na uwezo wote wa kuusikia ule mzunguko, angekuwa mama yako kasema "labda ungetazama tena hii chumvi" ungeelewa palepale. Ila ulishaambiwa wazungu wanasema wazi, basi ukazima masikio yako ya Tanga ukachukua sifa kama zilivyo.

Ukimsoma yeye, ruka sifa kwanza, tafuta kitenzi. Kwenye ujumbe wake popote penye kitenzi kinachokutaka ufanye kitu, kutazama, kufikiria, kuongeza, kuhakikisha, hapo ndo pana agizo hata kama limevishwa labda tatu. Kisha mrudishie swali moja fupi kabla hujatuma chochote kwa mteja, "asante dada, kabla sijaituma, kuna kitu gani ambacho lazima kibadilike na kipi ni pendekezo tu?" Hilo swali linamlazimisha aache maneno ya kanga aseme wazi. Na mwandikie leo, mwambie ukweli kwamba ulisoma labda yake kama pendekezo, hukumpuuza, sasa umerekebisha sehemu ya gharama hii hapa. Usimwache aendelee kuamini hushauriki, hiyo ni sifa mbaya inatembea kutoka ofisi hadi ofisi na huwezi kuifuata kuisahihisha.

Sasa namna ya kumjibu bosi. Hapana, huhitaji mdomo mchafu. Nakuomba ubadilishe mpangilio tu. Sisi tukiwa na habari nzito tunaanza mbali, tunasalimia, tunaeleza hali ilivyokuwa, nani alisema nini, cheti kilitakiwa lini, na mwishoni kabisa ndo tunafika penyewe, tena mara nyingi tunamwachia msikilizaji afike mwenyewe. Huo ni ustadi, unamwandaa mtu asipigwe na habari ghafla. Lakini aliyezoea jibu kuja mwanzo, ukianza mbali anajua jibu ni ndiyo na haya mengine ni maelezo, anaacha kusikiliza au anaanza kusoma imeili nyingine. Geuza. Jibu mbele, sababu nyuma, ombi mwisho. Jumanne ile ingekuwa hivi:

"Hapana, Ijumaa hazitatoka. Cheti cha ukaguzi cha kontena zote 6 hakijafika kutoka Mumbai. Kikifika Alhamisi mchana zitatoka Jumatano ijayo, kisipofika tunaanza kulipa dola 240 kwa siku. Naomba leo wewe mwenyewe umpigie meneja wa mtumaji, mimi nimepiga mara nne."

Isome tena uone, hakuna tusi hapo, hakuna anayelaumiwa, hata sauti haijapanda. Ina tarehe, ina kiasi, ina sababu moja na ina ombi. Adabu yako unaiweka kwenye salamu mwanzoni na shukrani mwishoni, hizo usiziache kabisa, zinapendeza kokote, ila habari yenyewe usiifunike. Na kama ulimi unakuwa mzito kusema hapana mbele ya watu tisa, manake najua utakuwa mzito, malezi ya miaka 29 hayatoki kwa shauri la Shangazi, basi tumia njia ya katikati, sema "sina jibu la uhakika sasa hivi, nitakuandikia ndani ya nusu saa" halafu andika kweli ndani ya nusu saa. Kwenye maandishi wengi wetu tunaweza kusema ambacho mdomoni kinakwama. Ila usipoandika, hiyo nusu saa inakuwa changamoto nyingine kidogo.

Upande wake naye ana kazi. Muombe dakika 20 nyinyi wawili tu, bila kopi ya mtu, na uende na ile sentensi ya Jumanne mkononi, siyo malalamiko ya jumla ya utamaduni wetu na utamaduni wenu, hayo yanaishia kwenye kupeana tabasamu. Mwambie, siku ile nilisema hivi, kwangu ilikuwa na maana hii, wewe ulielewaje? Mwache aeleze. Halafu muombe mambo mawili. La kwanza, akuulize kwa namna nyingine. "Zitatoka Ijumaa?" ni swali linalomtega mtu aliyelelewa kama wewe, kwa sababu hapana inakuwa ni kumpinga mkubwa. "Ni nini kinaweza kuzuia zisitoke Ijumaa?" hilo ni swali lingine kabisa, hapo kutaja tatizo ndo utiifu wenyewe, utamwaga yote. Au akuulize kati ya 10 una uhakika wa ngapi, ukisema 3 atashtuka mwenyewe. La pili, akiwa na la kukukosoa akuandikie peke yako kwanza. Usiseme umenidhalilisha, sema nikikosolewa kwa kopi ya wote natumia siku nzima kwenye aibu badala ya kurekebisha, ukiniandikia peke yangu unapata marekebisho siku ileile. Hiyo ni lugha ya kazi, ataielewa, na wengi wa watu wa namna yake ukiwaambia wazi wanabadilika haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu walikuwa hawajui.

Lakini siyo kila kitu ni utamaduni, na hili naliweka wazi maana nimeona mabinti wanavumilia mambo kwa kisingizio cha "ndo walivyo". Chunguza anavyowaandikia Waholanzi wenzake. Kama nao anawakosoa kavu kwa kopi ya wote na wao wanamjibu kavu na maisha yanaendelea, huo ni mtindo wake. Kama wao anawapigia pembeni na wewe peke yako ndo unaanikwa, hiyo ni dharau, weka zile imeili na tarehe zake uende kwa watu wa rasilimali watu. Na wewe pia jiulize faraghani, Jumanne ulinyamaza kwa adabu au kwa kuogopa ataona umeshindwa kazi? Kwa nje vinafanana. Kama ni hofu, mpangilio wa maneno hautatosha, itabidi umwambie na hilo kwenye zile dakika 20.

Kuacha kazi usiache, angalau mpaka mmekaa.

Nimemwacha mtu wa Mumbai mwisho kwa sababu ndiye chanzo cha kontena kukwama na naona humfikirii sana. Kila siku "hakuna shida, kesho". Mwanangu, ile ilikuwa "changamoto kidogo" yako wewe, imesemwa na mtu mwingine. Na ulifanya alichofanya bosi wako, ukaamini kesho. Sisi tunadhani wanaozungukazunguka wakikutana wataelewana, kumbe inaweza kuwa vibaya zaidi, maana kila mmoja ana ishara za kwao na hakuna hata mmoja anayetaja kitu kwa jina. Wewe hukumbana kwa sababu kumbana mtu ni utovu wa adabu, naye hakusema hakipo kwa sababu kukukatisha tamaa ni utovu wa adabu, siku 8 zikapita kwa adabu tupu.

Kwake yeye usiende na ule ukavu wa Rotterdam, utamfunga mdomo kabisa. Nenda na njia unayoijua, msalimie, muulize ya nyumbani, dakika mbili tatu, halafu usimuulize swali lenye ndiyo au hapana. Usiulize cheti kitatoka kesho? Muulize sasa hivi faili liko mezani kwa nani, mkaguzi alikwenda ghalani siku gani, kimebaki kitu gani kabla hajasaini. Anayejua atakutajia siku na kilichobaki. Akijibu "linashughulikiwa, hakuna shida" bila siku wala mtu wala meza, basi ukaguzi haujafanyika, chukulia hivyo, na umwandikie Rotterdam dakika ileile. Na shehena ijayo, kabla meli haijaondoka Mumbai, muombe akutumie kwenye WhatsApp picha ya ile fomu ya kuomba ukaguzi ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Mwambie ni kwa ajili ya faili lenu la Dar, asione kama humwamini.